Sekunde 45 mbele ya mwajiri: hesabu irabu, usihesabu maneno

Mhitimu akiambiwa atume video ya sekunde 45 ya kujitambulisha, kwa kawaida huandika ukurasa mzima, akajirekodi, akakuta dakika moja na nusu. Anarudia kwa kasi zaidi. Mara ya tatu amebakiza dakika moja na sekunde kumi, na sauti imeshakuwa ya mtu anayekimbilia basi. Hapo ndipo huanza kukata sentensi ovyo, na mara nyingi anayoikata ni ile moja iliyokuwa na kitu ndani yake, kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote. Salamu, sifa na shukrani hubaki.

Tatizo hili hutatuliwa kwenye karatasi kabla simu haijawashwa. Kinachotakiwa ni kujua sekunde 45 zinabeba mzigo kiasi gani, halafu kuandika mzigo huo na si zaidi.

Watu wengi hupima kwa idadi ya maneno, na wengine hufuata vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Kiingereza, vya maneno 130 au 150 kwa dakika. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinadanganya. Neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima: "itakayoniwezesha" ni neno moja kwenye hesabu, lakini mdomoni ni silabi 8. "Kwa" nalo ni neno moja, na lina silabi 1. Kipimo kinachofaa ni silabi, na bahati nzuri lugha yetu imeturahisishia: silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukihesabu irabu umehesabu silabi. Irabu mbili zikifuatana zinahesabiwa mbili, ndiyo maana "jioni" ni 3 na "barua" ni 3. Ongeza moja kwa kila "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama katika mtu, mzigo, mhitimu, msimamizi, na kwa "n" ya nne na nchi. "M" ya mbili, mambo au mwaka haihesabiwi, maana inatamkwa pamoja na inayofuata.

Sasa kasi. Msemaji aliyetulia, anayeongea na mtu anayemheshimu na asiyemfahamu, anaweza kuanza na makadirio ya silabi 5 kwa sekunde. Usiyachukue kama yalivyo, jipime. Tafuta aya yoyote, hesabu irabu mpaka 150, weka alama, kisha isome kwa sauti umesimama, kana kwamba unamweleza jambo mkubwa wako. Ikikuchukua sekunde 30, kasi yako ni 5. Ikikuchukua 33, ni 4 na nusu. Rudia mara tatu uchukue ya katikati, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu hukimbia.

Sekunde zenyewe si 45. Ya kwanza uiache kimya, uso ukiwa umeshatulia, maana ukianza kusema palepale unapobonyeza, silabi ya kwanza ya jina lako hupotea. Mbili za mwisho ziache pia, ili video isiishe mkono wako ukinyooshwa kuzima simu. Zimebaki 42. Toa mapumziko: nusu sekunde kila nukta, robo sekunde kila mkato, na pumziko moja refu kidogo kabla ya jambo kuu. Kwa andiko la sentensi kumi fupi hayo hufika karibu sekunde 7. Zinabaki 35 za sauti. Zidisha kwa 5: silabi 175. Mwenye kasi ya 4 na nusu ana 157 tu, na afadhali akubali hivyo kuliko kujilazimisha kwenda mwendo usio wake.

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho. Mhitimu wa stashahada ya ununuzi na ugavi, aliyefanya mafunzo kwa vitendo kwenye ghala la dawa, anaomba kazi ya ukarani wa ghala. Andiko lake la kwanza linafanana na ya wengi:

"Habari za wakati huu. Kwa majina naitwa (jina). Ni mhitimu wa stashahada ya usimamizi wa ununuzi na ugavi niliyohitimu mwaka 2024. Katika kipindi changu cha masomo nilipata fursa ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika ghala la dawa, ambapo nilijifunza mambo mbalimbali ikiwemo kupokea mizigo, kupanga bidhaa, kutunza kumbukumbu na kushirikiana na wenzangu. Mimi ni mtu mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na kujifunza kwa haraka. Natafuta nafasi katika taasisi yoyote itakayoniwezesha kukuza ujuzi wangu na kuchangia maendeleo yake. Ninaamini nikipewa nafasi nitafanya kazi kwa bidii. Asanteni sana kwa kunisikiliza."

Ukiusoma mwaka kwa maneno, na jina lake la kwanza na la ukoo yakiwa na silabi 7 kwa pamoja, andiko hili lina maneno 98. Kwa macho linaonekana fupi. Hesabu irabu: silabi 274. Hizo ni sekunde 55 za sauti tupu, bila pumzi hata moja. Ukiongeza mapumziko umevuka dakika. Hakuna namna ya kulitosheza andiko hili kwenye sekunde 45 isipokuwa kulikimbiza, na likikimbizwa halisikiki.

Angalia mzigo uliko. "Katika kipindi changu cha masomo" ni silabi 12 zisizosema kitu, kwa kuwa mafunzo kwa vitendo hufanywa wakati wa masomo, na kila mwajiri anajua. "Nilipata fursa ya kufanya" ni 10, wakati "nilifanya" ni 4. Mwaka wa kuhitimu unakula 11 peke yake: elfu mbili ishirini na nne. Mwaka umeshaandikwa kwenye wasifu wa kazi, na aliyeifungua video anao wasifu huo mbele yake au pembeni. Tarakimu ni tamu kwenye karatasi na ghali mdomoni, kwa hiyo itamke ile tu inayofanya kazi ambayo maneno hayawezi kuifanya.

Sentensi ya sifa ina silabi 41, zaidi ya sekunde 8. Tabu yake haiishii kwenye urefu. Mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza: hakuna mwombaji atakayesema kinyume chake, basi msikilizaji hana cha kuchagulia. Ile ya "taasisi yoyote" ina 45 na inaharibu zaidi, kwa sababu inamwambia mwajiri kwamba mwombaji hajui anaomba kazi gani. Salamu "Habari za wakati huu" ina 9, karibu sekunde 2, nayo ni swali lililotumwa kwa mtu asiyeweza kujibu.

Kuhusu salamu watu hubishana, na wanaobishana wana hoja. Kuanza bila salamu kunaweza kumkwaza mtu mzima. Njia inayoonekana kufaa ni kutumia ile sekunde ya kwanza ya kimya kuinamisha kichwa kidogo na kutabasamu, halafu kusema jina. Ukiona bado inakukereketa, sema "Habari" peke yake, silabi 3, kisha uzitafute silabi 3 za kutoa kwingine. Na kwenye shukrani sema "Asante". Anayetazama mara nyingi yuko peke yake mbele ya skrini, na "asanteni" humfanya ajione amekaa katikati ya mkutano.

Baada ya kuondoa hayo yote kinabaki kidogo sana: jina, alichosoma, na ghala la dawa. Ndipo linakuja swali ambalo andiko la kwanza lilikuwa limelifunika: alifanya nini pale ghalani kinachoweza kusimuliwa? "Nilijifunza mambo mbalimbali" ni pazia. Nyuma yake karibu kila mara kuna jambo moja, na namna ya kulipata ni kuuliza maswali manne kwa mpangilio huu: kitu gani kilikuwa hakiendi sawa, wewe uligusa nini kwa mikono yako, mligundua chanzo gani, na baadaye kilipimwaje. Huyu wetu alikuwa na majibu. Kadi za stoo hazikulingana na dawa zilizokuwa rafuni. Alihesabu upya aina 300, akakuta 40 zina tofauti. Chanzo ni kwamba dawa zilikuwa zikitolewa asubuhi na kadi kujazwa jioni kwa kukumbuka. Kadi zikahamishiwa kwenye rafu, kila moja kando ya dawa yake, ikawa anayetoa ndiye anayejaza palepale. Hesabu ya mwezi uliofuata ikakuta tofauti 6.

Mwajiri wa ghala akisikia hivyo haambiwi kwamba huyu ni makini. Anajionea mwenyewe, kwa kuwa anazijua kadi zinazojazwa jioni. Huenda anazo hata sasa.

Andiko la pili likawa hivi:

"Naitwa (jina). Nimesomea ununuzi na ugavi, na ninatafuta kazi ya karani wa ghala. Nilifanya mafunzo kwa vitendo miezi miwili kwenye ghala la dawa. Kadi za stoo hazikulingana na mzigo wa rafuni. Nilihesabu upya aina mia tatu za dawa, nikakuta arobaini zina tofauti. Kumbe mzigo unatoka asubuhi, kadi inajazwa jioni. Tukahamishia kadi rafuni, ajaze anayetoa. Mwezi uliofuata, tofauti zilibaki sita. Vyeti na barua ya msimamizi wangu viko kwenye maombi. Asante."

Silabi 196. Limezidi kwa 21, yaani sekunde 4 na kidogo. Watu wengi huishia hapa wakisema nitaongeza mwendo tu. Usiongeze. Sekunde 4 zilizoibwa kwenye mapumziko humaanisha mapumziko zaidi ya nusu yametoweka, na ni kwenye mapumziko ndipo msikilizaji anashika namba.

Zilitolewa hivi. "Nilifanya mafunzo kwa vitendo miezi miwili kwenye ghala la dawa" ikawa "Nilijifunzia kazi kwenye ghala la dawa": zimeokolewa 9, na miezi imo kwenye wasifu. Sentensi ya vyeti ikawa "Barua ya msimamizi nimeiambatisha": 5. Vyeti kila mtu ameviambatisha, ila barua ya msimamizi ndiyo inayothibitisha kisa hiki, kwa hiyo ndiyo inayostahili kutajwa. "Na ninatafuta" ikawa "natafuta": 2. "Kazi ya karani wa ghala" ikawa "ukarani wa ghala": 2 nyingine. "Mzigo wa rafuni" ukabaki "mzigo": 4. Jumla 22. Andiko la mwisho, lenye silabi 174, ni hili, na limepangwa kila mstari pumzi moja:

Naitwa (jina).
Nimesomea ununuzi na ugavi, natafuta ukarani wa ghala.
Nilijifunzia kazi kwenye ghala la dawa.
Kadi za stoo hazikulingana na mzigo.
Nilihesabu upya aina mia tatu za dawa, nikakuta arobaini zina tofauti.
Kumbe mzigo unatoka asubuhi, kadi inajazwa jioni.
Tukahamishia kadi rafuni, ajaze anayetoa.
(pumzika)
Mwezi uliofuata, tofauti zilibaki sita.
Barua ya msimamizi nimeiambatisha.
Asante.

Kuna mambo mawili hapo yasiyoonekana kwa haraka. La kwanza ni viambishi. "Nilihesabu" lakini "tukahamishia". Kuhesabu alifanya yeye, ila kuhamisha kadi kuliamuliwa na msimamizi na kukafanywa na wote. Ni na tu zina uzito uleule wa silabi moja, hivyo hakuna unachookoa kwa kudanganya, na kwenye usaili hilo ndilo swali la kwanza: "Wewe ndiye uliyeamua?" Aliyesema "nikahamishia" kwenye video hujikuta anarudi nyuma mbele ya watu watatu. Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni la wenye adabu zaidi: "tulihesabu, tukagundua, tukahamisha", mpaka mwajiri hajui mwombaji mwenyewe alisimama wapi. Angalau kitendo kimoja kibaki na "ni".

La pili ni neno "kumbe". Lingeweza kuwa "chanzo kilikuwa", lakini kumbe linasema mambo mawili kwa silabi 2: kwamba palikuwa na fumbo, na kwamba jibu halikuwa lile lililotarajiwa. Pia halimnyooshei mtu kidole. Kasoro ya ghala ni aibu ya mtu fulani, na ghala halijatajwa jina kwa makusudi. Kabla ya kutuma, muombe ruhusa msimamizi aliyeandika hiyo barua. Ikiwa wasifu wako unamwezesha mtu kujua mara moja ni ghala gani, lainisha sentensi ya kadi, usiitoe.

Namba lazima ziwe za kweli hata zikifupishwa. Kama aina zilikuwa 312, "mia tatu na kumi na mbili" ni silabi 10. "Mia tatu na ushee" ni 8, na si uongo. "Mia tatu" ni 4, ila kwa ghala usiitumie kama siyo, kwa sababu unaomba kazi ya kuhesabu.

Asiye na namba kabisa asizitunge. Atumie badiliko linaloonekana kwa macho. Aliyefundisha kwa mazoezi anaweza kusema wanafunzi waliokuwa wakiacha ukurasa mtupu walianza kuandika hatua ya kwanza. Aliyetengeneza programu ya kumaliza masomo anaweza kusema ilikuwa ikikwama mtandao ukikatika, na sasa inahifadhi kazi mpaka mtandao urudi. Muundo ni uleule: kilichokuwa kibaya, nilichogusa, chanzo, kilichobadilika.

Sasa mdomoni. Usikariri neno kwa neno andiko zima, kwa sababu mtu aliyekariri akisahau neno moja husimama kama gari lililozima, na macho hupanda juu kulitafuta. Kariri mstari wa kwanza na ule wa "Mwezi uliofuata". Iliyobaki ijue kama kisa, ukiruhusu "kadi hazikuwa zikilingana" au "nikakuta tofauti kwenye arobaini". Ukibadilika kwa silabi tatu nne hakuna kinachoharibika.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuongeza kasi kadiri mwisho unavyokaribia. Msemaji mwenyewe hahisi. Ili kumkamata, weka alama katikati. Kwenye andiko letu, silabi zilizo kabla ya "Kumbe" ni 96, karibu sekunde 19 za sauti. Ongeza ile sekunde ya kimya, nukta tano na mikato miwili, unapata 23. Kwa hiyo "Kumbe" inatakiwa isikike saa ya video ikisoma sekunde ya 23 hivi. Ukiisikia kwenye 20, umeshaanza mbio. Ukiisikia kwenye 27, utapita 45 hata ukifanyaje, basi simamisha uanze upya kuliko kumalizia kwa kukimbia. Na kama ulifika 23 vizuri lakini "Asante" ikatoka kwenye 38, pumziko la kabla ya "Mwezi uliofuata" limemezwa, na huenda na silabi kadhaa pia.

Kumezwa kwa silabi ni maradhi ya lugha yetu mbele ya kinasa sauti. Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho hushuka. Uso kwa uso haidhuru, kwa sababu msikilizaji anaona midomo. Kwenye spika ndogo ya simu, "sita" iliyosemwa pumzi ikiwa imekwisha hubaki "si" na upepo. Bahati mbaya namba yetu kuu ndiyo iliyo mwisho wa mstari. Dawa yake ni kuvuta hewa kwenye lile pumziko refu, kisha kuusema mstari wote huku umebakiza pumzi ya kutosha, kana kwamba baada ya "sita" kuna neno lingine linalokuja.

Macho nayo yana lake. Wengi hujitazama kwenye skrini wakati wanaongea, na mtazamaji anaona mtu anayeangalia kifua chake. Tazama lenzi, lile duara dogo la juu, na simu iwe usawa wa macho, isiegemezwe mezani ikitazama puani. Ukihitaji kusoma, andika mistari kwa herufi kubwa kwenye karatasi, maneno matano au pungufu kwa mstari, uibandike chini kidogo ya lenzi, kisha usogee nyuma kama mita moja na nusu. Kadiri unavyokuwa mbali na karatasi, ndivyo mwendo wa macho unavyopungua. Mtu aliye karibu akisoma mstari mrefu, mboni zinakwenda kushoto na kulia kama za anayetazama mpira wa meza, na hakuna tabasamu linaloweza kuficha hilo.

Lakini ukisogea nyuma sauti inaharibika, kwa sababu simu sasa inasikia kuta kuliko inavyokusikia wewe. Utaijua kwa mwangwi unaofanya kila neno liwe na mkia. Tumia spika za masikioni zenye waya na kinasa chake, uupitishe waya chini ya kola kinasa kikae kifuani, kisiguse nguo. Kama huna, chagua chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, si sebule tupu yenye vigae. Mwanga uwe mbele yako. Dirisha likiwa nyuma, uso unakuwa kivuli. Mengine ya picha, kama rangi ya shati, yana uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Ukipata rekodi unayoiona nzuri, usiiamini bado. Mpe mtu ambaye hajasoma andiko lako, aitazame mara moja tu, kisha aandike mambo matatu: jina lako, kazi unayotafuta, na namba ya mwisho. Asipoandika kazi, sentensi ya pili ilikwenda mbio. Asipoandika namba, "sita" imemezwa. Akiandika jina vibaya, rudi kwenye ile sekunde ya kwanza. Halafu itazame wewe mwenyewe bila sauti. Hapo utaona macho, mabega na mkono usiotulia, mambo ambayo sauti yako mwenyewe ilikuwa inakuzuia kuyaona.

Ukiweka maandishi ya chini, kwa ajili ya anayetazama simu ikiwa kimya, yaandike kwa mkono wako. Yanayojitengeneza yenyewe huweza kukosea Kiswahili, na "kadi za stoo" ikigeuka kitu kingine utaonekana wewe ndiye hujui kuandika. Jina la faili nalo liseme wewe ni nani na unaomba nini, kwa mfano `jina_ukoo_karani_ghala.mp4`, maana lile linalotolewa na simu huwa tarakimu tupu, na anayepokea mafaili mengi hawezi kukutafuta kwa tarakimu.

Nafasi nyingine ikitokea, huhitaji andiko jipya. Kisa kinabaki, sentensi ya pili inabadilika, na hesabu inarudiwa. Tuseme sasa kazi ni ya uagizaji wa vifaa. "Ukarani wa ghala" ni silabi 7, "kazi ya uagizaji wa vifaa" ni 12. Umezidi 5, sekunde nzima. Ziko kwenye mstari wa tano: "za dawa" ni 3, na dawa zilishatajwa kwenye ghala. "Upya" ni 2, na anayesikia kwamba kadi hazikulingana anaelewa kuwa unahesabu kwa mara nyingine. Mstari unakuwa "Nilihesabu aina mia tatu, nikakuta arobaini zina tofauti", na jumla inarudi 174.